Eneo limekubali, ujazo umekataa: namba ya kati ya zao la msalaba

"Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Tumepewa ncha nne za tetrahedroni: A(1, 2, 1), B(4, 0, 1), C(1, 4, 0) na D(2, 0, −3). Tutafute eneo la pembetatu ABC, halafu ujazo. Eneo nimepata 3.5, sawa na kitabu. Ujazo nikianzia A napata −16/6, nikianzia B napata 28/6. Kitabu kinasema 14/3. Nimerudia mara nne na namba ni zilezile. Je, ni lazima kuanzia ncha fulani? Hiyo hasi inatoka wapi? Na kwa nini tunagawa kwa 6 wakati piramidi tulifundishwa ni theluthi? Mwenzangu ananiambia nisihangaike kutoa, nifanye kroso prodakti ya A na B moja kwa moja."

Marahaba, mwanangu. Ujazo wa tetrahedroni ni mmoja, uanzie A, B, C au D. Hiyo 28/6 ndiyo 14/3 ya kitabu, na −16/6 ni kosa. Ila usiifurahie 28/6 mapema. Kwa namba ulizoniandikia, naamini kosa lilelile limo katika hesabu zako zote: limo kwenye ujazo ulioanzia A, limo kwenye ule ulioanzia B, na limo hata kwenye eneo lililotoka sahihi. Mara moja tu ndipo lilipopata pa kuuma. Ndiyo maana kurudia mara nne hakukukusaidia, kwani ulikuwa unalirudia pamoja na hesabu.

Tuanze na pande mbili zinazotoka A. Toa A kutoka B, unapata AB = (3, −2, 0). Toa A kutoka C, unapata AC = (0, 2, −1). Zao la msalaba la hizo mbili, yaani hiyo kroso prodakti yako, ni vekta inayosimama wima juu ya bapa lenye pembetatu. Tuiite n:

```
n = AB × AC
namba ya kwanza:  (−2)(−1) − (0)(2)  = 2
namba ya kati:    (0)(0) − (3)(−1)   = 3
namba ya mwisho:  (3)(2) − (−2)(0)   = 6
n = (2, 3, 6)
```

Wewe, bila shaka, ulipata (2, −3, 6). Nimejuaje? AD ni (1, −2, −4). Ukiizidisha kwa nukta na (2, −3, 6) unapata 2 + 6 − 24, ambayo ni −16, yaani ile namba yako. Ukiizidisha na (2, 3, 6) unapata 2 − 6 − 24, yaani −28. Ulipofungua ditaminanti ulisahau alama ya kutoa inayokaa mbele ya namba ya kati. Ni kosa ninaloliona kuliko mengine yote katika mada hii, na hudumu kwa sababu eneo halilifichui.

Tazama jinsi linavyojificha. Eneo la pembetatu ni nusu ya urefu wa n. Urefu unapatikana kwa kujumlisha miraba ya namba tatu kisha kuchukua kipeo cha pili: 4 + 9 + 36 = 49, kipeo chake cha pili ni 7, nusu yake ni 3.5. Mraba wa 3 ni 9, na mraba wa −3 ni 9 vilevile. Kwa hiyo alama mbaya inafutika kabla hujaiona, nawe unapata jibu la kitabu ukiwa na vekta isiyo sahihi mkononi. Vekta yako ina urefu uleule wa ile ya kweli, lakini imeelekea kwingine, kama sura yako kwenye kioo. Eneo linauliza urefu tu. Ujazo unauliza na mwelekeo, na hapo ndipo unaponaswa.

Sasa tuende B. Pande zinazotoka B ni BA = (−3, 2, 0), BC = (−3, 4, −1) na BD = (−2, 0, −4). Zao la msalaba la BA na BC ni (−2, −3, −6). Kwa kosa lako lilelile ungepata (−2, 3, −6). Lakini angalia BD: namba yake ya kati ni sifuri. Ukiweka −3 au ukiweka 3 hapo katikati, itazidishwa na sifuri, na jibu litakuwa 4 + 0 + 24 = 28. Umeokolewa na namba za swali. Mtihani mwingine hautakupa sifuri hiyo, na ndiyo sababu nasema usiifurahie mapema.

Dawa yake ni fupi na nakuomba uifanye kila mara, hata ukiwa na haraka. Vekta n lazima ikate AB na AC kwa pembe mraba, kwa hiyo zao lake la nukta na kila moja ya hizo mbili lazima liwe sifuri. Jaribu ile ya kweli: (2, 3, 6) na (3, −2, 0) zinatoa 6 − 6 + 0, sifuri. Na (0, 2, −1) zinatoa 0 + 6 − 6, sifuri. Jaribu ile yako: (2, −3, 6) na AB zinatoa 6 + 6 + 0 = 12, na AC zinatoa −6 − 6 = −12. Hapo ungejua papo hapo, kabla hujagusa D. Fanya kwa pande zote mbili, usiridhike na upande mmoja, kwa sababu upande wenye sifuri katikati utakubali hata vekta iliyoharibika, kama BD ilivyokubali.

Kama alama ya ditaminanti inakusumbua siku zote, iache. Andika namba za kila vekta mara mbili mfululizo, funika safu ya kwanza na ya mwisho, kisha zidisha kwa msalaba kila jozi ya safu zilizobaki, ukitoka kushoto kwenda kulia:

```
AB:   −2    0    3   −2
AC:    2   −1    0    2
```

Jozi ya kwanza inatoa (−2)(−1) − (0)(2) = 2. Ya pili inatoa (0)(0) − (3)(−1) = 3. Ya tatu inatoa (3)(2) − (−2)(0) = 6. Kila jozi inafanywa kwa namna moja: mshazari unaoshuka kutoa mshazari unaopanda. Hakuna alama ya pekee ya kukumbuka katikati, kwa kuwa mpangilio wenyewe umeshaibeba. Mimi hufanya hivi mpaka leo.

Kabla hatujafika kwenye 6 yako, nataka uone hizo namba tatu za n ni nini, maana wengi wanazikokotoa bila kujua wanachokishika. Chukulia pembetatu ABC imekatwa kwenye kadibodi na inaelea hewani ndani ya chumba. Jua la utosini litaangusha kivuli chake sakafuni. Kivuli hicho unakipata kwa kuifuta namba ya tatu ya kila ncha: (1, 2), (4, 0) na (1, 4). Eneo lake ni 3, yaani nusu ya ile 6. Ukimulika taa kutoka ukuta mmoja kwenda ukuta ulio mkabala, kivuli cha ukutani kina eneo la 1.5, nusu ya ile 3. Ukimulika kutoka ukuta wa pili, unapata kivuli chenye eneo la 1, nusu ya ile 2. Namba za n, zikigawanywa kwa mbili, ni maeneo ya vivuli vitatu vya pembetatu yako. Na maeneo hayo yanafuata kanuni ya Pithagorasi: mraba wa 1, mraba wa 1.5 na mraba wa 3 vinajumlika kuwa 12.25, ambao ni mraba wa 3.5. Alama ya kujumlisha au kutoa haigusi ukubwa wa kivuli chochote. Inaeleza kadibodi imeinamia upande gani.

Nusu inatoka wapi? Urefu wa zao la msalaba ni eneo la msambamba wenye pande AB na AC, kwa sababu ni urefu wa AB mara kimo cha C juu ya mstari wa AB. Ulalo wa msambamba huo unaukata pembetatu mbili zinazolingana. Msambamba wako una eneo la 7, pembetatu ina 3.5.

Ujazo unaendelea hapohapo. Kitako cha tetrahedroni ni pembetatu ABC. Kinachokosekana ni kimo, yaani umbali wa D kutoka bapa la kitako, unaopimwa wima. AD imelala upande, hivyo urefu wake si kimo. Tunachukua ile sehemu yake tu inayofuata mwelekeo wa n, na kazi hiyo inafanywa na zao la nukta: −28 ukigawa kwa urefu wa n, ambao ni 7, ni −4. Kimo ni 4. Sasa tumia ile theluthi uliyofundishwa: theluthi ya kitako mara kimo ni theluthi ya 3.5 mara 4, yaani 14/3. Umeona kwamba hakuna kanuni mbili hapa. Ukizidisha kwa nukta AD na n nzima, umezidisha kimo mara eneo la msambamba, na msambamba ni mara mbili ya kitako chako. Kwa hiyo unagawa kwa 2 kurudi kwenye pembetatu, na kwa 3 kwa kuwa ni piramidi. Mbili mara tatu ni hiyo sita.

Theluthi yenyewe, kama hukuwahi kuonyeshwa, ishike kwa mkono. Nunua kipande cha sabuni ya mche na utafute kisu chembamba. Kipande hicho ni sanduku. Kikate kwa ulalo kutoka juu hadi chini, upate miche miwili ya pembetatu. Hiyo ndiyo nusu. Chukua mche mmoja, chini uandike P, Q, R na juu yake P′, Q′, R′, kila herufi juu ya mwenzake. Kisu kikipita P′, Q na R, kinatoa piramidi PQRP′, yenye kitako cha chini na kimo chote cha mche. Kilichobaki kikate kwa bapa linalopita P′, Q′ na R. Unapata piramidi P′Q′R′R, yenye kitako cha juu na kimo kilekile, kwa hiyo inalingana na ya kwanza. Inayobaki ni QQ′RP′. Ilinganishe na ya pili: zote zina ncha P′, na vitako vyao, QQ′R na Q′R′R, ni nusu mbili za ukuta mmoja wa mche. Nazo zinalingana. Piramidi tatu zenye ujazo sawa kutoka mche mmoja, sita kutoka kipande kizima. Kipande chako kikiegemea upande badala ya kusimama wima, hesabu haibadiliki, kwani kitako na kimo ni vilevile.

Sasa ile hasi. Bapa la kitako lina mlinganyo 2x + 3y + 6z = 14; weka A, B au C uone, zote zinatoa 14. Ukiweka D unapata −14. Tofauti ni −28, ile namba yetu. Hasi inasema D iko upande wa bapa ulio kinyume na unakoelekea n. Ulipoanzia B ulibadilishana nafasi za A na B, ndipo n ikageuka kuelekea D na alama ikawa ya kujumlisha. Katika ujazo, ondoa alama mwishoni, lakini mwishoni tu. Anayeziondoa hasi katikati ya hesabu hupoteza hata zile zenye kazi. Na ikitokea jumla kuwa sifuri, D iko kwenye bapa moja na A, B na C, wala hakuna tetrahedroni. Ila hakikisha kwanza hukuchukua AB, BC na CA kama vekta zako tatu. Hizo zinafunga pembetatu, hazimgusi D kabisa, na zitakupa sifuri kila siku.

Mwenzako mwambie asiruke hatua ya kutoa. Akizidisha namba za A na B moja kwa moja anapata (2, 3, −8), ambayo nusu ya urefu wake ni takriban 4.39. Hilo ni eneo halisi, lakini ni la pembetatu OAB, yenye ncha kwenye chimbuko O. C haimo kabisa. Njia yake inafaa pale tu ambapo O ni mojawapo ya ncha za umbo, na mazoezi mengi ya mwanzo yako hivyo, labda ndipo alipoizoea. Kuna uhuru mwingine ambao ni wa kweli: unaweza kuzidisha AB na BC badala ya AB na AC. BC ni AC kutoa AB, na AB ikizidishwa kwa msalaba na yenyewe ni sifuri, basi jibu ni lilelile (2, 3, 6). Jaribu mwenyewe.

Ukaguzi wa sifuri una mipaka yake, nawe uijue. Hautagundua kama n yako imekuwa mara mbili ya inavyotakiwa, wala kama ulikosea mapema ulipotoa A kutoka B. Kwa urefu wa n kuna njia isiyopitia zao la msalaba kabisa. Mraba wa urefu wa AB ni 13, wa AC ni 5, na zao la nukta la AB na AC ni −4. Chukua 13 × 5, toa mraba wa 4: 65 − 16 = 49, mraba wa 7. Kanuni hii inaitwa kwa jina la Joseph-Louis Lagrange, na napenda wanafunzi wajue kwamba mwaka 1773 alikuwa akishughulikia piramidi za pembetatu hasa, kama wewe, akiandika hizi namba tatu moja moja kabla hakujawa na vekta za kuziandikia kwa pamoja. Uandishi tunaoutumia leo, wenye alama ya msalaba, umetokana sana na Josiah Willard Gibbs, aliyewachapishia wanafunzi wake wa Yale maelezo yake kuanzia 1881. Na kuhusu kutoa, jumlisha AB, BC na CA: (3, −2, 0), (−3, 4, −1) na (0, −2, 1). Lazima zikupe sifuri tatu.

Fanya swali hili upya kuanzia C, ambapo BD haitakuwepo kukuokoa: CA = (0, −2, 1), CB = (3, −4, 1), CD = (1, −4, −3). Ukipata 28 au −28, alama ya kati umeishika. Ukipata 4 au −4, au ukaguzi wa sifuri ukikataa mara mbili mfululizo, mpelekee mwalimu wako wa darasani daftari lenye mistari yote bila kufuta chochote, akuangalie ukiandika ditaminanti moja mbele yake. Mimi nimekisia kosa kwa sababu −16 iliniongoza, lakini mkono unapotoka kwenye mstari anauona yule aliyekaa kando yako.